Jumatano simu, Jumamosi kikundi: hesabu ya deni la ghafla hapa Goma

Kila tunapogusa habari ya madeni redioni, simu za wasikilizaji hugawanyika mara mbili. Kuna wanaosema mikopo ya simu ni mtego, watu warudi kwenye AVEC na MUSO zao. Wengine husema kikundi ni kizuri kwa mambo ya minervali na mtaji, lakini mtoto akianguka usiku kikundi hakipokei simu. Pande zote mbili zina ukweli. Lakini mara nyingi mabishano yanakwama kwenye bei: nani anakata ngapi kwa mia. Kwangu mimi bei ni swali la pili. La kwanza ni siku na saa: pesa inatakiwa lini, na deni litakatwa kutoka mfuko gani.

Nieleze kwanza kwa nini kikundi hakiwezi kukuokoa Jumatano, maana wengi wanaokilaumu hawajaangalia ndani ya sanduku. AVEC ya kawaida ina watu 15 hadi 25, wakati mwingine hadi 30. Wanakutana kila juma, kila mtu ananunua hisa moja hadi tano, na karani anagonga mihuri kwenye kitabu chake. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu ambao si viongozi wa kamati. Mpango huu shirika la CARE liliuanzisha Niger mwaka 1991, na kufuli zile tatu ndizo zinazowafanya watu waliowahi kuibiwa wakubali kuweka tena pesa pamoja.

Sasa watu wanadhani Jumatano sanduku limejaa, ni kutafuta tu wenye funguo. Si hivyo. Kikundi kinachofanya kazi vizuri hukopesha karibu pesa yote siku ileile ya mkutano, kwa sababu pesa inayolala ndani ya sanduku haizai kitu na inavuta wezi. Kwa hiyo hata ungezunguka Katindo, Ndosho na Majengo kwa moto ukikusanya wenye funguo watatu, ungeweza kufungua na kukuta kitabu, mihuri na noti chache. Kinachobaki mara nyingi ni mfuko wa msaada, ule ambao kila mtu anatoa kidogo kila juma kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Wenzetu wa MUSO wao wameutenga wazi: wana sanduku la kijani la akiba na mikopo, jekundu la msaada, na la bluu la pesa zinazotoka nje. Tulishike hilo jekundu, tutalirudia.

Simu yenyewe haina kufuli tatu. Unafungua menyu, unaona kiasi ulichoruhusiwa, unaweka namba ya siri, na baada ya dakika pesa imeingia. Na si haki kusema mikopo hii haisaidii. Kule Kenya, ambako M-Shwari ilianza Novemba 2012, watafiti walilinganisha watu waliokuwa karibu sana na kiwango cha kukubaliwa, waliokipita kidogo na waliokikosa kidogo. Waliokubaliwa walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kuacha matumizi yao ya lazima tatizo likiwapata. Tofauti ilikuwa kama watu 6 katika kila 100. Si muujiza, lakini kama wewe ni mmoja wa hao sita na mtoto wako ndiye amelala kitandani, hutaniambia ni kidogo.

Tufanye hesabu ya mtu mmoja. Tumchukue mama anayeuza sambaza, anayenunua kwa wavuvi pale Kituku na kutembeza beseni mu kartie. Mtaji wake ni dola 50, unazunguka mara mbili kwa juma. Katika AVEC yake ameshaweka akiba ya dola 24. Jumatano saa sita mchana mtoto anaanguka kutoka kwenye moto na mkono unavunjika. Hospitali inasema picha ya mfupa, plasta, dawa na kitanda, jumla dola 65.

Hapa ndipo watu wengi wanakosea hatua ya kwanza. Wanasikia 65 na wanaanza kutafuta 65. Uliza: leo inatakiwa ngapi? Hospitali nyingi zinataka pesa ya kutanguliza ili zianze kazi, na iliyobaki inalipwa siku ya kutoka. Tuseme huyu mama anaambiwa 30 leo na 35 siku ya kutoka. Nyumbani, nje ya mtaji, ana dola 9. Kwa hiyo tatizo la Jumatano ni dola 21. Zile 35 ni tatizo la Jumamosi, na Jumamosi kikundi chake kinakutana.

Anafungua simu na kukopa dola 25. Tuweke ada ya 10 kwa mia kwa siku 30, hesabu iwe rahisi. M-Shwari ilikuwa ikikata 7.5 kwa mia, na ya kwako utaisoma kwenye skrini kabla ya kuweka namba ya siri, si baada. Kama ada inakatwa mwanzoni, haingii 25. Inaingia 22.50. Kisha anakwenda kabini kutoa, tuseme anakatwa dola 1. Mkononi ana 21.50. Akiongeza zile 9 zinakuwa 30.50, hospitali inapata 30 yake, na nusu dola inabaki kwa moto. Angekopa 21 kwa sababu anapungukiwa 21, angefika dirishani akiwa hajatosha. Kwa hiyo kopa ukihesabu kitakachofika mkononi.

Tena kuna swali linaloweza kuokoa ile dola ya kabini: “Hapa munapokea pesa ya simu?” Kama hospitali inapokea, lipa moja kwa moja. Tangu mwishoni mwa Januari 2025, M23 ilipoingia mji na benki zikafunga milango, kila mkaaji wa Goma anajua kwamba pesa iliyo ndani ya simu na pesa ya mkononi si kitu kimoja. Noti zimekuwa adimu, na agenti mwenye noti ndiye anayepanga bei. Gharama ya mkopo wa simu hapa kwetu ina vipande viwili basi, ada unayoionyeshwa na mkato wa kabini ambao hakuna skrini inayokuonyesha. Siku noti zinapokosekana, kipande cha pili kinaweza kukuuma kuliko cha kwanza.

Sasa tufuate njia mbili kutoka Jumatano hiyo.

Njia ya kwanza, mama hamwambii mtu yeyote. Sababu yake inaeleweka. Kikundi kitauliza, majirani watajua, pengine bwana pia atauliza hizo pesa za kikundi zilitoka wapi. Simu haiulizi. Jumamosi mtoto anatoka, zinatakiwa 35, na kwa kuwa laini ya kwanza tayari ina deni, anakopa 40 kwenye laini ya mtandao mwingine. Ana madeni mawili sasa. Na mikopo mingi ya namna hii ina tabia moja ambayo watu wanaijua wakiwa wamechelewa: siku ya kulipa ikipita, pesa yoyote inayoingia kwenye laini inaweza kukatwa kabla hujaigusa.

Kwa mfanyakazi wa mshahara hilo ni usumbufu. Kwa muuza sambaza ni kufunga biashara. Mwenye mgahawa anayemlipa dola 18 kwa simu haleti faida. Ndani ya zile 18 kuna labda 14 za mtaji, pesa ya kurudi Kituku asubuhi. Zikimezwa na deni, kesho ananunua sambaza za dola 36 badala ya 50, faida inashuka, na deni la pili halijaguswa. Halafu anaanza kuwaambia wateja wamlipe kwenye namba ya dada yake. Ukisikia mtu anaomba alipwe kwenye namba isiyo yake, mara nyingi ujue laini yake imeshikwa. Ukitaka kujua kama deni limekuwa bovu, usihesabu ada. Angalia kama beseni la juma hili ni dogo kuliko la juma lililopita.

Njia ya pili. Jumamosi mama anaenda kwenye mkutano na ujumbe wa simu unaoonyesha deni, na karatasi ya hospitali. Akiba yake ni 24, na kanuni ya vikundi vingi inamruhusu kukopa hadi mara tatu ya akiba, yaani 72. Anaomba 60. Kati ya hizo, 25 zinafunga deni la simu siku hiyohiyo, na 35 zinaenda hospitali. Kikundi kinatoza 5 kwa mia kila mwezi juu ya deni lililobaki, kwa miezi mitatu. Mwezi wa kwanza analipa 20 na ada ya 3. Wa pili, 20 na 2. Wa tatu, 20 na 1. Jumla amerudisha 66.

Ukijumlisha yote, ajali ya dola 65 imemgharimu 2.50 za ada ya simu, 1 ya kabini na 6 za kikundi. Zile 6 hazikuondoka mjini, zimeingia kwenye sanduku, na siku ya kugawana sehemu yake itamrudia. Lakini faida kubwa zaidi ni kwamba laini yake iko safi, mwenye mgahawa anaendelea kumlipa kwenye namba yake, na mtaji bado ni 50.

Mtu atasema: kama alishalipa ada nzima ya siku 30, kwa nini alipe deni siku ya tatu? Kweli, kwenye mikopo mingi ya simu ada ni ileile ukikaa siku tatu au thelathini. Hapunguziwi hata senti. Anacholinda ni tarehe. Deni la siku 30 linalosubiri “kesho” linakutana na minervali, kodi ya nyumba, na juma ambalo wavuvi wamerudi mikono mitupu. Kikundi kinampa miezi mitatu, na kinamkata kwa siku inayojulikana, mbele ya watu, kutoka pesa aliyoileta mwenyewe.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kwa mtu aliye ndani ya kikundi, mkopo wa simu uwe daraja la siku chache, wenye kiasi kidogo, na ulipwe na kikundi katika mkutano unaofuata. Asiyeweza kutaja ni pesa gani itakayolipa deni hilo na siku gani itafika, kwake hilo si daraja tena.

Lakini sitaki kuwasifu viongozi wa vikundi bure. Vikundi vingi vinafanya daraja hili kuwa gumu. Mwanachama akija na deni la simu, anatazamwa kama msaliti. Mama Prezidenti anauliza mbele ya wote kwa nini hukutuambia kwanza, wakati wote wanajua kwamba Jumatano hakuna ambaye angefungua sanduku. Hapo kuna kanuni mbili za kubadilisha, na hazihitaji shirika wala mfadhili.

Ya kwanza: iandikwe kwamba deni la simu lililochukuliwa kwa ajili ya ugonjwa au msiba, likiletwa na karatasi katika mkutano unaofuata, linapewa nafasi ya kwanza kabla ya mikopo ya biashara. Na pesa isipewe mkononi. Karani atume moja kwa moja kwenye laini yenye deni, wote waone ujumbe wa kufunga deni, ndipo iliyobaki itolewe. Hii inazuia ule mchezo wa kukopa kikundi “kulipa simu” na kununua kitenge.

Ya pili ndiyo muhimu zaidi, na hapa tunarudi kwa lile sanduku jekundu. Pesa ya msaada isilale nyuma ya kufuli tatu pamoja na pesa ya mikopo. Tuchukue kikundi cha watu 25, kila mmoja akitoa franka 500 kwa juma. Juma moja ni franka 12,500, majuma kumi ni 125,000, yaani zaidi ya dola 40. Zile dola 21 za Jumatano zingetoka hapo, bila ada yoyote, kama msaada au kama deni lisilo na faida, jinsi kikundi kilivyokubaliana. Mama hangegusa menyu ya mkopo kabisa.

Zikae wapi? Kwenye laini ya simu ya kikundi, ili ziweze kutumwa usiku. Vikundi vilivyofikiri vizuri vinagawa namba ya siri: tarakimu nne, mtu mmoja anajua mbili za mwanzo, mwingine mbili za mwisho, na simu yenyewe iko kwa mtu wa tatu. Ni zile kufuli tatu, zimehamia kwenye simu. Watatu hao wakae kartie moja, la sivyo tumerudi kwenye kuzunguka na moto. Na kila mkutano salio lisomwe kwa sauti, skrini ikipitishwa mkono kwa mkono.

Kuna shimo moja ambalo lazima nilitaje. Laini imeandikishwa kwa jina na kitambulisho cha mtu mmoja. Huyo mtu anaweza kwenda kwenye duka la mtandao, akasema kadi imepotea, akapewa mpya na kuweka namba ya siri mpya, na nusu zenu za tarakimu zikawa hazina kazi. Akifa, familia na kikundi vitasumbuana. Dawa yake ni kiasi: kwenye laini isikae zaidi ya michango ya miezi miwili au mitatu. Inayozidi irudi kwenye sanduku. Mkiona mwenye laini amekosa mikutano miwili mfululizo, au salio linasomwa kutoka karatasi badala ya skrini, ombeni simu muione palepale.

Na kuna siku ambazo hesabu hii yote haisaidii. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka, siku chache baadaye sehemu kubwa ya mji ilikuwa njiani kuelekea Sake, Rutshuru na Gisenyi, na wenye funguo watatu wa kikundi kimoja wangeweza kuwa katika njia tatu tofauti. Januari 2025 ilikuwa vivyo hivyo, pamoja na umeme na intaneti kukatika. Kikundi kinasaidia mmoja anapoanguka na ishirini na nne wamesimama. Wote wakianguka siku moja, kila mtu anaomba sanduku lilelile, na simu nayo haina noti wala mtandao. Kwa siku kama hizo nilichoona kinasaidia ni noti chache, zisizo na ufa, zilizoshonwa kwenye nguo. Hilo halina kikundi wala menyu.

Vilevile kuna asiyekuwa na kikundi. Aliyefika mjini mwezi uliopita akikimbia vita haingii katikati ya mzunguko, na simu inabaki kuwa mlango wake pekee. Kwake nasema: laini moja, deni moja, na kiasi ambacho mauzo ya majuma mawili yanaweza kulipa bila kugusa mtaji. Mzunguko mpya ukianza katika kartie, apeleke jina lake kabla ya mkutano wa kwanza.

Kwa walio ndani tayari, angalieni kalenda. Vikundi vingi hupanga kugawana mwishoni mwa Agosti, kabla ya shule kufunguliwa, na miezi miwili au mitatu ya mwisho hakuna mkopo mpya, kwa sababu madeni yote lazima yarudi. Katika miezi hiyo daraja halina ng’ambo. Mtoto akivunjika mkono Julai, mama atakopa simu Jumatano na Jumamosi ataambiwa mikopo imefungwa. Kikundi kinachotaka kumsaidia kiamue mapema, Mei au Juni, kama pesa ya sanduku jekundu itabaki wazi mpaka siku ya kugawana, na kama itagawanywa au itaanza nayo mzunguko mpya. Mimi naona isigawanywe.